Namna ya Kuigawa Makala Ndefu Kuwa Uzi wa Machapisho Mafupi Bila Kuvuruga Mpangilio Wake

Maswali haya huulizwa kila mara na vijana wa Mombasa wanaoandika kuhusu historia ya Mji wa Kale, bandari na mitaa yao, kisha wakataka kuyapeleka maandishi hayo kwenye mtandao wa X: nikate wapi, niweke nambari lini, na kwa nini wasomaji wangu wanaona sehemu ya tisa kabla ya sehemu ya nne? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata makala moja ya mfano kuhusu Ngome ya Yesu tangu inapokuwa nzima hadi inapokuwa uzi ulioshikana.

Nimechagua mtandao wa X kwa sababu akaunti ya kawaida huko haikubali chapisho linalozidi herufi 280, na kikomo kigumu namna hiyo hukufundisha kukata vizuri kuliko mahali ambapo nafasi ni tele. Wanaolipia akaunti zao wanaruhusiwa kuandika marefu zaidi, na hao hawauhitaji sana mwongozo huu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na makala iliyokwisha kuhaririwa. Usianze kukata makala ambayo bado unaifikiria, kwa kuwa kila sentensi utakayoiongeza baadaye itazisogeza nambari zote zinazoifuata.

Uwe na mahali pa kuandikia palipo nje ya mtandao wenyewe, kama vile Google Docs au programu ya maandishi iliyomo kwenye simu yako, pamoja na njia ya kuhesabu herufi. Hapa ninaposema herufi ninajumuisha nafasi, nukta, mkato na tarakimu, kwa sababu mtandao unavihesabu vyote.

Uwe na nakala mbili za makala. Moja ni ya asili na haiguswi kabisa. Ya pili ndiyo utakayoikata. Ikiwa makala si yako, pata kwanza ruhusa ya mwenyewe, na umweleze kwamba kuna maneno machache utakayolazimika kuyarudia au kuyabadilisha kwenye mipaka ya sehemu.

Hatua

1. Kadiria idadi ya machapisho.

Hesabu herufi zote za makala, kisha gawanya kwa 220. Wengi hugawanya kwa 280 na kushangaa baadaye, kwa kuwa hakuna makala inayokatika ikajaza kila chapisho hadi ukingoni; sentensi huisha pale inapoishia. Makala yetu ya mfano ina maneno 800 hivi, ambayo kwa Kiswahili huwa karibu herufi 5,300, kwa hiyo tutarajie machapisho 24 au 25. Ukiona idadi inapita 30, fikiria upya kama makala yote inahitaji kwenda kwa njia hii, au kama ni afadhali kutoa nyuzi mbili kwa siku mbili.

2. Tenga nafasi ya nambari kabla ya kukata.

Nambari kama "14/24" pamoja na nafasi inayoifuata hula herufi sita. Kwa sababu hiyo kikomo chako halisi ni 274, nami nakushauri ufanye kazi kwa kikomo cha 260, ili ubaki na akiba ya kurekebisha. Kumbuka pia kwamba kiungo chochote, kiwe kirefu au kifupi, huhesabiwa kuwa herufi 23, na kila kijipicha cha hisia huhesabiwa kuwa herufi mbili.

3. Weka alama za kukatia kwa kufuata maana, si kwa kufuata hesabu.

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayoharibiwa na wengi. Chukua aya hii ya mfano, ambayo ina herufi 487:

"Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Wareno, ambao walitaka kuilinda njia ya kuingilia bandari ya kale ya Mombasa. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mjenzi kutoka Italia. Mwezi Machi mwaka 1696 majeshi ya Waomani yaliizingira, na mzingiro huo uliendelea hadi Desemba 1698. Maradhi yaliwaua wengi wa waliokuwa ndani. Waingereza waliigeuza kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa Urithi wa Dunia."

Anayekata kwa hesabu tupu atafika herufi ya 280 na kuangukia katikati ya sentensi ya tatu: chapisho la kwanza litaishia kwa "na mzingiro huo", na la pili litaanza kwa "uliendelea hadi Desemba 1698". Msomaji wa chapisho la pili hatajua ni nini kilichoendelea, na aliyelisoma la kwanza peke yake hatajua kama mzingiro huo ulikwisha.

Anayejali sentensi, lakini akasahau hatua ya pili, ataona njia nyingine inayovutia zaidi. Sentensi mbili za kwanza zina herufi 206, na tatu zilizobaki zina 280 kamili. Atadhani amepata machapisho mawili yaliyokaa barabara, mpaka aweke "3/24" mbele ya la pili na kugundua kwamba amezidisha kwa herufi tano. Hapo ndipo watu huanza kufupisha "mwaka" kuwa "mwk" na "Desemba" kuwa "Des", na maandishi yaliyokuwa na heshima yake yanageuka kuwa ujumbe wa haraka.

Njia iliyo sawa ni kuuliza aya hii inazungumzia mambo mangapi. Inazungumzia matatu: ujenzi, mzingiro, na maisha ya ngome baada ya vita. Basi alama ya kwanza ya kukatia ikae baada ya "Italia", na ya pili baada ya "ndani". Tunapata sehemu tatu zenye herufi 206, 144 na 135. Hazilingani kwa urefu, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Kwa utaratibu huo, mahali bora pa kukata ni mwisho wa aya, kisha mwisho wa sentensi ambapo jambo au wakati unabadilika. Ukikutana na sentensi moja inayozidi 260, ipasue kwenye "lakini", "kwa sababu" au "ambaye", na uifanye kuwa sentensi mbili zilizokamilika, kila moja ikiwa na mtenda wake na kitenzi chake.

Kuna mahali ambapo hupaswi kukata hata kama hesabu inakubembeleza. Usitenganishe mwezi na mwaka wake, cheo na jina la mwenye cheo, wala maneno ya mtu na jina la aliyeyasema. Zaidi ya yote, usitenganishe dai na kizuizi chake. Ukiandika katika chapisho moja kwamba Wareno waliirudia Mombasa mwaka 1728, na ukaacha hadi chapisho linalofuata kusema kwamba walifukuzwa mwaka 1729, kuna mtu atakayelisambaza la kwanza peke yake, nalo litazunguka likisema nusu ya habari. Maneno hayo mawili lazima yakae pamoja, hata kama itabidi chapisho lililotangulia libaki fupi sana.

4. Rudisha majina yaliyopotea kwenye mipaka.

Kiswahili hubeba mambo mengi ndani ya kitenzi, na katika makala nzima hilo ni tamu kusoma, kwa sababu jina limetajwa mstari mmoja nyuma. Ukishakata, jina linabaki upande mmoja na kiambishi upande wa pili. Tazama sehemu yetu ya pili: "majeshi ya Waomani yaliizingira". Yaliizingira nini? Katika aya nzima tulijua kuwa ni ngome. Katika chapisho linalosimama peke yake hatujui. Sehemu ya tatu ina ugonjwa huo huo: "Waingereza waliigeuza kuwa gereza".

Dawa ni kulirudisha jina mara moja mwanzoni mwa kila chapisho lililolipoteza. Baada ya marekebisho, na nambari zikiwa zimewekwa, sehemu zetu zinasomeka hivi:

"2/24 Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Wareno, ambao walitaka kuilinda njia ya kuingilia bandari ya kale ya Mombasa. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mjenzi kutoka Italia."

"3/24 Mwezi Machi mwaka 1696 majeshi ya Waomani yaliizingira Ngome ya Yesu, na mzingiro huo uliendelea hadi Desemba 1698. Maradhi yaliwaua wengi wa waliokuwa ndani."

"4/24 Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa Urithi wa Dunia."

Herufi zake sasa ni 211, 163 na 154, kwa hiyo hakuna hata moja inayokaribia kikomo. Kila marejesho ya jina yalitugharimu herufi 14 tu.

Fanya vivyo hivyo kwa "huyo", "hao", "huko" na "wakati huo" zinapoangukia mwanzo wa chapisho. Maneno kama "hata hivyo" na "kwa hiyo" yanaweza kubaki mwanzoni ikiwa yanamvuta msomaji arudi nyuma kwa faida yake, lakini yakitokea kwenye machapisho matatu mfululizo, ujue kwamba umekata mahali pasipofaa.

5. Usiguse mpangilio.

Ukiwa unakata utatamani kusogeza mambo: mwandishi ameanza na gereza la Waingereza, kisha akarudi nyuma kwa Wareno, nawe unaona ingefaa miaka ifuatane. Usifanye hivyo. Mwandishi alikuwa na sababu ya kuanza pale alipoanza, na sentensi zake za baadaye zinategemea kwamba msomaji ameshayajua yale ya mwanzo. Ukiona mpangilio wa asili una kasoro ya kweli, rudi uirekebishe makala yenyewe, uimalize, kisha uanze kukata upya. Kazi hizi mbili zikichanganywa, ndipo aya nzima hupotea bila mtu kujua.

6. Weka nambari mwisho kabisa.

Nambari huwekwa baada ya mipaka yote kutulia, kwa sababu hapo tu ndipo unapojua kwamba jumla ni 24 na si 23. Iweke mwanzoni mwa chapisho, isiwe mwishoni, ili anayeliona likipita peke yake ajue mara moja kwamba ni kipande cha kitu kikubwa zaidi. Chapisho la kwanza libebe kichwa cha makala na jina la mwandishi, na la mwisho libebe kiungo cha makala nzima ikiwa kipo.

Katika hatua hii pia badilisha maneno kama "kama tulivyoona hapo juu" au "katika aya iliyotangulia", kwa kuwa kwenye uzi hakuna juu wala aya. Yaandike kwa nambari: "kama ilivyoelezwa katika 3/24". Ndiyo maana hupaswi kuyagusa kabla ya jumla kujulikana.

Wanaohifadhi kila sehemu katika faili lake wazipe faili hizo majina yenye tarakimu mbili, kuanzia `sehemu-01.txt` hadi `sehemu-24.txt`. Bila sifuri ya mbele, baadhi ya programu huipanga sehemu ya 10 mara tu baada ya sehemu ya 1 na kuiacha ya 2 nyuma yao, nawe utanakili kwa mpangilio huo bila kushtuka. Mwenye Linux au Mac anaweza kuzihesabu herufi za faili zote kwa mara moja:

```
wc -m sehemu-*.txt
```

Faili likiisha kwa alama ya mwisho wa mstari, hesabu hiyo huijumuisha pia, kwa hiyo itazidi kwa moja ile utakayoiona kwenye mtandao, isipokuwa penye kiungo au kijipicha, ambapo tofauti itakuwa nyingine.

7. Linganisha na asili kabla ya kuchapisha.

Fungua nakala ya asili upande mmoja na sehemu zako upande wa pili. Kwa kila mpaka, soma maneno matatu ya mwisho ya sehemu na maneno matatu ya kwanza ya sehemu inayofuata, kisha uyatafute yote sita katika asili. Yawe yameandamana, isipokuwa pale uliporudisha jina au ulipopasua sentensi. Kazi hii huchukua dakika chache, na ndiyo njia ya uhakika ya kugundua sentensi iliyodondoka wakati wa kunakili, au iliyobandikwa mara mbili.

8. Chapisha kwa mnyororo mmoja.

Njia salama ni kuandika machapisho yote ndani ya dirisha moja kabla ya kutuma lolote. Bandika la kwanza, bonyeza alama ya `+` kufungua nafasi ya la pili, endelea hivyo, kisha yatume kwa pamoja. Duara dogo lililo karibu na alama hiyo hujaa kadiri unavyoandika, na linapokaribia ukingo huonyesha idadi ya herufi zilizobaki.

Ukilazimika kutuma moja moja, zingatia kwamba kila chapisho jipya ni jibu kwa lile lililotangulia moja kwa moja: la tatu hulijibu la pili, la nne hulijibu la tatu. Kosa la kawaida kuliko yote ni kujibu la kwanza kila mara. Ukifanya hivyo huna uzi, una majibu 23 yanayoning'inia chini ya chapisho moja, na mtandao utayapanga unavyotaka wenyewe, mara nyingi ukiyatanguliza yale yaliyopendwa zaidi. Msomaji ataona 9/24 juu ya 4/24 ingawa wewe uliyatuma kwa mpangilio uliokamilika.

Ukitumia kundi la WhatsApp

Kikomo cha herufi hakitakubana huko, lakini ujumbe mrefu hukunjwa na msomaji hulazimika kubonyeza ili auone wote. Sababu za kuweka nambari mwanzoni ni zile zile, na ni nzito zaidi, kwa kuwa nambari iliyoko mwishoni hufichwa pamoja na sehemu iliyokunjwa. Tatizo la pekee la kundi ni watu: kufikia sehemu ya tatu, mmoja amesalimia, mwingine ameuliza bei ya samaki Likoni, na uzi umekatika. Mwombe msimamizi akufanye nawe msimamizi na alifunge kundi kwa muda, wasimamizi peke yao waweze kuandika, hadi umalize. Usitume ujumbe unaofuata mpaka uliotangulia uonyeshe alama ya tiki. Ukionyesha saa, haujaondoka kwenye simu yako. Kwa sababu hiyo sikushauri kuanza kutuma ukiwa ndani ya feri.

Mambo yakienda kombo

Chapisho linakataa kwa kuzidi herufi chache. Usikimbilie vifupisho. Angalia kwanza kama kuna kijipicha au kiungo ulichokihesabu vibaya, kisha kama kuna sentensi inayoweza kusogea kwenda chapisho linalofuata. Ikisogea, soma upya mipaka yote miwili kwa kutumia hatua ya nne.

Umetuma uzi na kugundua kwamba sehemu moja haimo. Hakuna njia ya kupenyeza chapisho katikati ya mnyororo uliokwisha kutumwa. Kosa likiwa karibu na mwisho, kwa mfano ulipaswa kutuma 22/24 nawe ukaruka hadi 23/24, futa yaliyo baada ya 21/24, kisha uyatume upya kwa kulijibu hilo la 21. Likiwa karibu na mwanzo na watu wameshasoma, ni afadhali uongeze chapisho lililokosekana mwishoni mwa mnyororo, ukilipa nambari yake ya kweli na kueleza wazi mahali pake: "Sehemu hii ya 6/24 ilikosekana, isomwe kati ya 5 na 7."

Nambari zimejirudia, mathalani machapisho mawili yana 11/24. Kabla ya kufuta chochote, tazama kama maandishi ni yale yale. Yakiwa yale yale, lifute lile tu ambalo halikujibiwa na chapisho lako jingine, kwa maana ukilifuta lililojibiwa mnyororo utaonyesha pengo. Yakiwa tofauti, kosa liko kwenye nambari tu, nawe unaweza kulisahihisha kwa jibu fupi chini ya chapisho husika.

Wasomaji wanasema uzi unaishia katikati ilhali wewe unauona mzima. Ingia kwenye kiungo cha chapisho la mwisho wanaloliona, uangalie kama linalofuata limelijibu hilo au limelijibu lingine la nyuma. Karibu kila mara utakuta chapisho moja lililojibu mahali pasipo pake, na yote yaliyofuata yamekwenda nalo. Futa kuanzia hapo, uyatume tena kwa kunakili kutoka kwenye faili lako.

Msomaji ameuliza swali chini ya 8/24 wakati ungali unatuma. Usimjibu kwanza. Maliza mnyororo hadi 24/24, kisha urudi umjibu, ukihakikisha kwamba jibu lako linakwenda chini ya swali lake na si chini ya chapisho lako la mwisho.